Akalia au akilia: -ka- na -ki- zinavyofungamanisha matendo katika hadithi

*"Ninaandika hadithi fupi. Mhariri amenirudishia aya moja akiwa ameandika pembeni tu: 'ka na ki zimekuchanganya.' Tafadhali nieleze nimekosea wapi. Aya yenyewe ni hii: Rehema alisikia mlango ukigongwa na aliamka na aliwasha taa. Akaenda mlangoni akasitasita. Akifungua mlango, akamkuta kijana akavaa koti lililolowa, mvua ikanyesha nyuma yake. Akamwuliza anataka nini. Hakajibu. Akampa barua, akaisoma, akalia."*

Tuanzie kwenye neno ulilolipatia: "alisikia". Hadithi inapofunguka, msomaji anataka kujua mambo haya ni ya lini, na -li- ndiyo inayomwambia kwamba yamekwisha kupita. Ukishamwambia mara moja, amejua. Kuanzia hapo kazi ni ya -ka-, na ndipo ulipoteleza mara ya kwanza, kwa kuwa umeendelea na "na aliamka na aliwasha".

Kiambishi -ka- hakina wakati wake. Huuazima kwa kitenzi kilichotangulia, kisha huongeza jambo moja: kwamba tendo hili limefuata lile. Mtu akikujia akasema "Akawasha taa", kisha akanyamaza, utabaki unamtazama, kwa sababu amekupa kipande cha pili cha jambo ambalo hukusikia kipande chake cha kwanza. Lakini mtu anapokusimulia kisa, ukamdakiza "Ikawaje?", swali lako linaanza na -ka- na halina kasoro yoyote. Kitenzi cha kutangulia kipo, ila kiko kinywani mwa mwenzako.

Sasa pima sentensi yako kwa kuigeuza. "Aliamka na aliwasha taa" ukiigeuza iwe "aliwasha taa na aliamka", bado inasimama, maana "na" imeyaweka matendo mawili pamoja bila kusema lipi lilitangulia. Msomaji ndiye anayekisia mpangilio kwa akili yake. Lakini geuza "aliamka, akawasha taa" iwe "aliwasha taa, akaamka", na papo hapo Rehema amewasha taa akiwa usingizini. Hiyo ndiyo nguvu ya -ka-: mpangilio wa vitenzi ndio mpangilio wa matukio, huwezi kuuvuruga bila kuvuruga kisa. Na kwa kuwa maana ya "na kisha" imo ndani yake tayari, "na akawasha" mara nyingi huwa ni mzigo wa bure. Koma inatosha.

Kabla sijaendelea, rudi kwenye sentensi yangu niliyoandika hapo juu: "Mtu akikujia akasema, kisha akanyamaza." Hakuna aliyekujia wala aliyesema. Ni jambo la kudhania, na bado nimetumia -ka- mara mbili. Watu wengi hufundishwa kwamba -ka- ni ya wakati uliopita, wakafika kwenye sentensi kama "Akija akanikosa, mwambie asubiri" wakashindwa kuieleza. Ukishakubali kwamba -ka- huazima, hakuna kitendawili. Katika "akija", -ki- imeweka sharti, na "akanikosa" imeazima sharti hilohilo ikaongeza hatua: kwanza aje, halafu anikose. Sharti ni moja lenye hatua mbili. Ndivyo ilivyo pia katika mazoea: "Huamka alfajiri, akanawa uso, akatoka." Hapo -ka- imeazima kwa hu-, na tunazungumzia kila siku, si siku moja iliyopita.

Twende kwenye "Akaenda mlangoni akasitasita". Kisarufi sentensi hii ni safi, na ndiyo maana ni hatari: ina maana, ila si maana uliyoikusudia. Umesema Rehema alikwenda mpaka mlangoni, akafika, ndipo akaanza kusitasita. Kama ndivyo unavyomwona, iache. Lakini nadhani ulitaka tuone mwendo wenyewe, mguu mmoja mbele na moyo nyuma, na hapo inatakiwa "akaenda mlangoni akisitasita".

Kiambishi -ki- nacho hakina wakati wake. Kama -ka-, huegemea kitenzi kingine, ila hukaa ubavuni mwake na si nyuma yake. Ukisema "akaenda akisitasita" kuna tukio moja, kwenda, na -ki- inaeleza tukio hilo lilikuwa na sura gani. Hadithi imepiga hatua moja. Ukisema "akaenda, akasitasita" hadithi imepiga hatua mbili. Mimi ninapohariri huwa nahesabu hivyo kabisa, kwa kidole: kila -ka- ni hatua, kila -ki- ni mtu kusimama na kutazama hatua aliyopo.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi kwa vitenzi vya kuona na kusikia. "Nilimwona akivuka mto" maana yake macho yangu yalimkuta yumo katikati ya kuvuka, na huenda hata sijui kama alifika ng'ambo. "Nilimwona, akavuka mto" ni kisa kingine: nilimwona kwanza, labda tulitazamana, kisha akavuka akamaliza. Wewe mwenyewe umelijua hili bila kufundishwa, kwa sababu umeandika "alisikia mlango ukigongwa", nayo ni sahihi. Hukuandika "alisikia mlango ukagongwa". Sikio lako lilikuwa macho mwanzoni mwa aya, likasinzia baadaye.

Liliposinzia, ndipo ukaandika "mvua ikanyesha nyuma yake". Kwa -ka-, mvua hiyo haikuwapo mpaka Rehema alipomkuta kijana. Ndipo ikaanza kunyesha, kama hatua nyingine ya kisa. Lakini koti limekwisha kulowa! Mvua ilikuwapo tangu kabla ya mlango kufunguliwa, na ilikuwa inaendelea wakati wote huo. Kwa hiyo ni "mvua ikinyesha nyuma yake". Hali ya hewa, sauti za mbali, mwanga wa taa, kelele za watoto, vyote vinavyoendelea wakati tukio kuu likitendeka, makao yake ni -ki-. Mvua ipewe -ka- pale tu inapoingia kwenye kisa kama mhusika: "Akapanda mahindi, mvua ikanyesha, yakaota."

Koti lenyewe linataka uangalifu wa peke yake, na hapa hata waandishi wazoefu hujikwaa. "Akamkuta kijana akavaa koti" inasema kwamba baada ya kukutana, mmoja wao alivaa koti, na kwa jinsi sentensi ilivyokaa, msomaji anaweza hata kudhani ni Rehema. Ukikimbilia kuirekebisha iwe "akamkuta kijana akivaa koti", umemkuta kijana anaingiza mkono kwenye mkono wa koti, bado hajamaliza. Hilo nalo silo. Kuvaa ni tendo fupi ambalo likiisha huacha hali inayodumu: ukishavaa, umevaa mpaka uvue. Kusimama ni hivyo hivyo, na kubeba, na kuinama. Kwa vitenzi vya aina hii, -ki- hushika lile tendo fupi, na hali inayobaki hushikwa na -me-. "Nilimkuta akisimama" maana yake alikuwa anainuka. "Nilimkuta amesimama" maana yake yuko wima. Basi andika "akamkuta kijana amevaa koti lililolowa". Unaweza pia kusema "akiwa amevaa koti", ambapo -ki- imekaa kwenye kitenzi "kuwa" na -me- ikabeba hali. Ni sahihi pia, ila hapa ni ndefu bila sababu, kwa maana "akamkuta" limekwisha kutuwekea macho.

Sasa "Akifungua mlango, akamkuta kijana." Hili ndilo kosa ambalo nina hakika lilimfanya mhariri wako ashike kalamu. Kiambishi -ki- kikitangulia mbele ya kitenzi kikuu, msikilizaji hukisikia kama sharti au kama jambo la kila mara. "Akifungua mlango, atamkuta" ni sharti la mbele. "Maji yakimwagika hayazoleki" si habari ya maji fulani yaliyomwagika jana; ni kila yanapomwagika. Wewe unasimulia ufunguaji mmoja wa mlango, usiku mmoja, na umekwisha kutokea. Kwa tendo la namna hiyo tunayo -po-: "Alipofungua mlango, akamkuta." Linganisha na "Mvua ikinyesha, tulikuwa tukikaa ndani" na "Mvua iliponyesha, tulikaa ndani." Ya kwanza inazungumzia desturi yetu. Ya pili, katika masimulizi, inatupeleka kwenye mvua moja tunayoikumbuka.

Utaniuliza kama baada ya "alipofungua" ni lazima iwe "alimkuta" badala ya "akamkuta". Wapo wanaosisitiza hivyo. Mimi nazikubali zote mbili, kwa sababu "alipofungua" ina -li- ndani yake, na -ka- ina mahali pa kuazima. Katika hadithi yenye mwendo wa kusimuliwa kwa mdomo napendelea "akamkuta". Inaendeleza mapigo yaleyale ya "akaamka, akawasha, akaenda".

Kama -ki- inataka kutangulia na bado iwe ni ya wakati mmoja na tendo kuu, kwa kawaida tunaitanguliza kwa "huku", au tunatumia "akiwa": "Huku akilia, Rehema alifungua mlango", "Akiwa bado mlangoni, alisikia hatua za mtu mwingine." Ikija nyuma ya kitenzi kikuu haihitaji msaada wowote: "Rehema alifungua mlango akilia."

Lipo tunda moja la tabia hii ya -ki- ambalo kila mwandishi wa hadithi anafaa kulichuma. Chukua mfululizo huu: "Alikuja, akakaa kibarazani, akasoma gazeti, akaondoka." Ni siku moja, hatua nne, na msomaji anangoja kitakachofuata. Badilisha viambishi tu: "Alikuwa akija, akikaa kibarazani, akisoma gazeti, akiondoka." Vitenzi ni vilevile na mpangilio ni uleule, lakini sasa ni miaka. Tunamwona mtu aliyekuwa na desturi hiyo, na hatungoji chochote kwa sababu hakuna hatua iliyopigwa. Ndiyo maana hadithi nyingi hufunguka kwa safu ya -ki-, zikatuchorea maisha yalivyokuwa, halafu ghafla likaja "Siku moja akaja, akakaa, akafungua gazeti, akashtuka." Msomaji anahisi maisha yamegeuka hata kabla hajajua kilichoandikwa gazetini. Kilichogeuka ni silabi moja.

Kisha "Hakajibu". Neno hilo halipo, kwa sababu -ka- haina kikanushi chake cha moja kwa moja. Kukanusha hatua katikati ya mfululizo kuna njia mbili. Njia ya siku zote ni "hakujibu", yaani unarudi kwenye kikanushi cha wakati uliopita, na baada yake unaweza kuendelea na -ka- kama kawaida: "Hakujibu, akampa barua." Njia ya pili utaikuta zaidi katika hadithi za zamani na kwa wasimuliaji wazee, nayo ni -si- yenye kiishio -e: "Akamwuliza anataka nini, asijibu." Au "wakamtafuta, wasimwone". Naipenda sana, kwa sababu mnyororo haukatiki. Kutojibu kunakuwa hatua kama hatua nyingine. Lakini usiitie mara moja katika hadithi nzima ambayo kwingine kote inasema "hakujibu", "hakuona", "hakwenda". Itaonekana kama kiraka.

Kiambishi -ki- nacho kina kikanushi, -sipo-, lakini ni cha -ki- ya masharti tu: "akijibu, asipojibu". Ile -ki- ya ubavuni haikubali hivyo. Kinyume cha "akaenda akisitasita" ni "akaenda bila kusita".

Nimalizie makosa ya aya yako na lile la mwisho, ambalo si la kiambishi hasa. "Akampa barua, akaisoma, akalia." Nani alimpa nani, na nani alilia? Kiambishi a- kinamtaja Rehema na kinamtaja kijana vilevile, na -ka- haisemi mtenda amebadilika; inasema tu kwamba hatua imefuata. Kwa mdomo msimuliaji huokolewa na sauti na mikono. Kwenye karatasi, msomaji anapoona safu ya a-ka- bila jina, humwacha mtenda awe yuleyule wa mwanzo mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Kwa hiyo kila mpira unapohamia kwa mwingine, litaje jina: "Kijana hakujibu, akampa barua. Rehema akaisoma." Majina mawili tu, na hakuna atakayepotea.

Yapo mambo mawili ambayo hayamo katika aya yako lakini yatakukuta kwenye aya inayofuata. La kwanza, -ka- hairudi nyuma. Ukitaka kutuambia kwamba kijana alitembea usiku kucha kabla ya kufika, usiseme "akatembea usiku kucha", maana utakuwa umemwondoa mlangoni na kumrudisha barabarani baada ya kutoa barua. Sema "alikuwa ametembea usiku kucha", kisha urudi kwenye mnyororo wako. La pili ni herufi moja mwishoni. "Rehema alikwenda kwa jirani akamwita" maana yake jirani ameitwa. "Rehema alikwenda kwa jirani akamwite" maana yake alikwenda kwa nia ya kumwita, na kama alimwita au hakumwita, bado hujatuambia. Hiyo -ka- yenye kiishio -e ni ya nia na mwendo, ile tunayoisikia katika "nenda kamwite". Katika hadithi ya mashaka, -a na -e hapo zinaweza kuamua kama kuna mtu anakuja kusaidia au la.

Kuhusu vitenzi vya silabi moja nitasema kidogo tu. Tunasema "alikuja, alikula", lakini "akaja, akala" na "akija, akila". Ku- hubaki baada ya -li- kwa sababu -li- haiwezi kubeba mkazo wa neno. -Ka- na -ki- zinaweza, kwa hiyo ku- haihitajiki. Utawasikia wengi wakisema "akakuja" katika mazungumzo. Mpe mhusika wako aseme hivyo kama ndivyo anavyosema, ila msimulizi wako aandike "akaja".

Basi aya yako, kwa jinsi ninavyoielewa, ingesomeka hivi:

"Rehema alisikia mlango ukigongwa. Akaamka, akawasha taa, akaenda mlangoni akisitasita. Alipofungua, akamkuta kijana amevaa koti lililolowa, mvua ikinyesha nyuma yake. Akamwuliza anataka nini. Kijana hakujibu, akampa barua. Rehema akaisoma, akalia."

Neno la mwisho nimeliacha kama ulivyoliandika, lakini lifikirie tena. "Akaisoma, akalia" ni hatua mbili: barua ilisomwa mpaka mwisho, kikapita kitambo kidogo, ndipo machozi. Barua ndiyo iliyompa habari. "Akaisoma akilia" ni hatua moja, na machozi yapo tangu mstari wa kwanza, labda tangu alipoutambua mwandiko juu ya bahasha. Huyo ni mwanamke aliyekwisha kujua. Hapo sarufi haikulazimishi. Wewe ndiye unayejua barua ile imeandikwa na nani, na Rehema alikuwa amefika mstari wa ngapi machozi yalipomtoka.